Tanzia ya Mradi Usiozaliwa

Kwenye mbao za matangazo za ofisi za umma hapa Dodoma hazikosekani karatasi zenye kichwa cha neno moja: TANZIA. Lugha yake karibu haibadiliki. Uongozi unasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea siku fulani, kutokana na… Hapo kwenye "kutokana na" ndipo macho ya msomaji yanapotua. Jina tunalijua na tarehe tutaisahau. Tunachotaka kujua ni kilichomuua.

Miradi nayo hufa, na Kiswahili hakioni haya kulisema hilo. Kiwanda kimekufa, ushirika umekufa, kisima cha kijiji kimekufa. Ila mradi ukifa hauandikiwi tanzia, huandikiwa taarifa ya utekelezaji, na humo "kutokana na" hufuatwa na "changamoto mbalimbali". Neno hili changamoto limemeza kasoro, kosa, uzembe, upungufu na hatari, yote kwa pamoja, na bado lina njaa.

Lipo zoezi linalodai chanzo cha kifo kitajwe mapema, kabla mradi haujazinduliwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein, aliyejulikana kwa kuchunguza namna makamanda wa zimamoto wanavyokata shauri moto ukiwa unawaka, alilieleza mwaka 2007 katika jarida la biashara la Chuo Kikuu cha Harvard. Wenyewe huliita primotamu, kwa kuipindua postmotamu, yaani uchunguzi wa maiti. Mimi naliita tanzia tangulizi, na nitaeleza kwa nini.

Linafanyika hivi. Wahusika wakishauelewa mpango, na fedha zikiwa hazijaanza kutoka, mwenyekiti anawaambia: miaka miwili imepita, mradi umekufa, tena umekufa vibaya. Kila mmoja achukue karatasi aandike kimyakimya, kwa dakika chache, kilichouua. Kisha wanasoma kwa zamu, kila mtu sababu moja, wanazunguka tena na tena hadi karatasi ziishe. Anayeanza kusoma ni msimamizi wa mradi mwenyewe. Baada ya hapo mpango unafunguliwa upya.

Siri yote imo kwenye kitenzi. Ukiuliza "nini kinaweza kuharibika?" utajibiwa kwa huenda, na huenda haimfungi mtu. Ukisema "umekufa", ile -me- imeshafunga mjadala, kilichobaki ni chanzo tu. Mwaka 1989 watafiti watatu wa Marekani, Mitchell, Russo na Pennington, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu walioambiwa tukio limekwisha kutokea hutoa sababu nyingi zaidi kuliko walioambiwa linaweza kutokea. Tukio ni lilelile. Kilichobadilika ni uhakika wake.

Kwetu sisi -me- hiyo ina kazi ya pili, na nadhani ndiyo kubwa. Mtu akisema kwenye kikao cha uzinduzi kwamba mradi utakwama, ataambiwa asilete uchuro. Mdomo huumba. Anayetaja ubaya anahesabiwa kuwa anauombea, au mbaya zaidi, kuwa anampinga mkubwa aliyeuleta mradi. Kwa hiyo fundi aliyeona pampu haifai ananyamaza, na dereva anayejua barabara hukatika Machi hata kikaoni haitwi. Tanzia tangulizi inawavua mzigo huo. Si wao waliotangaza msiba, ni mwenyekiti. Wao wameulizwa chanzo tu.

Hebu tulijaribu zoezi hili kwa maiti halisi, tena ya hapahapa. Toka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, chepuka Mbande, uingie Kongwa. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa Kampuni ya Umoja wa Afrika iliyokuwa chini ya Unilever, aliipa Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa matrekta ili kuziba uhaba wa mafuta ya kula uliotokana na vita. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki chache na kuandika mpango: ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupeleka bungeni. Mwanzoni mwa 1947 kazi ikaanza Kongwa, pasipo shamba la majaribio.

Sasa tufanye kikao ambacho hakikufanyika. Ni Januari 1947. Mezani wamo bwana shamba, fundi wa matrekta, karani wa reli na mkulima wa Kigogo. Mwenyekiti anasema: mpango wa karanga umekufa. Andikeni.

Karatasi ya mkulima haihitaji elimu ya hali ya hewa. Ugogo una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, nao hauna ahadi. Mvua huweza kuanza vizuri, mimea ikachipua, kisha ikakatika Februari kwa wiki kadhaa, wakati mmea ndio kwanza unataka maji. Ndiyo maana watu wa huku hupanda uwele na mtama, na ndiyo maana huweka ng'ombe. Wazee wa Ugogo mwaka 1947 walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyowamaliza watu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Karatasi ingesema: "Mvua ilikatika, zikakauka." Mwaka 1949 ukame ulikuja kuiandika upya sentensi hiyo.

Karatasi ya bwana shamba ndiyo inayonivutia zaidi. Karanga ina tabia ya pekee: hutoa ua juu ya ardhi, ua likishachavushwa hutoa kishina chembamba kinachoinama na kujichimbia udongoni, na punje hukua humo gizani. Basi udongo una kazi mara mbili. Lazima uwe laini kishina kiingie, na lazima ubaki laini siku ya kung'oa. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Ukilowa unalimika. Mvua zikiisha na jua likishika, unakauka kama tofali, ukivuta shina linakatika na karanga zinabaki chini. Mchanga nao ulikuwa ukila visahani vya majembe ya matrekta kama msasa.

Je, bwana shamba huyo angeyajua yote hayo? Sidhani. Karatasi yake ingekuwa fupi na nyenyekevu: "Udongo. Hatukuupima." Na hiyo ingetosha. Tanzia tangulizi mara nyingi haitoi jibu, inaonyesha mahali palipo na tundu. Tundu hilo dawa yake ilikuwa ekari chache zilizopandwa Desemba na kung'olewa baada ya mvua. Msimu mmoja ungesema kila kitu.

Fundi angeandika juu ya matrekta. Mengi yalikuwa mitumba ya jeshi la Marekani iliyonunuliwa Ufilipino, yakaletwa kupambana na vichaka ambavyo mizizi yake hubaki ardhini hata baada ya shina kuangushwa, achilia mbali mibuyu. Karani wa reli angetaja bandari ya Dar es Salaam kushindwa kupokea mizigo, na reli moja ya kuipandisha huku. Asingefikiria mgomo. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari waligoma na mgomo ukapanda na reli hadi Kongwa.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ikautangaza msiba rasmi, na pauni kama milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Msomaji wa idara ya mipango ataniambia: haya yote tunayo, tunayaita vihatarishi, na kila andiko la mradi lina daftari la vihatarishi. Ni kweli. Lakini soma lugha ya daftari hilo. "Ucheleweshaji wa vipuri." "Mabadiliko ya tabianchi." "Ushirikishwaji hafifu wa jamii." Ni majina matupu. Hakuna mtenda, hakuna kitenzi, hakuna siku. Vinapewa alama ya juu, wastani au chini, kisha vinanakiliwa kwenye andiko linalofuata. Tanzia haikubali hivyo. Inataka sentensi nzima: "Vipuri vilikaa bandarini miezi minne kwa sababu hati ya msamaha wa kodi iliombwa meli ikiwa imeshatia nanga." Sentensi ya namna hiyo ina mtu wa kuulizwa na jambo la kufanya Jumatatu. Ndiyo maana nimeliacha neno kihatarishi, ingawa ni zuri na linafaa mahali pake, nikachagua tanzia.

Kanuni yangu kwenye zoezi hili ni kwamba neno changamoto halisomwi. Anayeliandika anarudishiwa karatasi. Na kila chanzo kikishasomwa kiulizwe swali moja: tungeanza kukiona lini? Kama ni mvua, dalili iandikwe: ikifika wiki ya tatu ya Februari na kipimo cha mvua ni kikavu, nani anampigia nani. Kama ni mashine, ihesabiwe kila Ijumaa ni ngapi zinasubiri vipuri. Chanzo kisicho na dalili kitasahaulika chai ikishanywewa.

Zoezi hili lina mipaka yake. Linavuna kinachojulikana na waliomo chumbani tu. Ukiwaita maofisa watupu utapata tanzia ya maofisa. Kongwa ilihitaji mkulima wa Kongwa, na ujumbe wa Wakefield ulikuwa wa watu watatu. Tena haliwezi kitu dhidi ya uamuzi uliokwisha kutangazwa. Bungeni Uingereza mafuta yalikuwa yameahidiwa wapigakura wenye vitabu vya mgawo; karatasi ya mkulima hata ingefika mezani, nani angeisoma kwa sauti? Zoezi likifanywa baada ya jiwe la msingi kuwekwa linakuwa mchezo wa kuigiza, na watu hulijua hilo upesi, wakaandika vyanzo visivyomgusa mtu.

Kwa hiyo, wewe utakayekalia kiti kikao kijacho cha mradi pale Mtumba au kwenye halmashauri yako: fanya zoezi kabla ya saini, mwite dereva, na usome karatasi yako kwanza. Ikiwa ya kwako haina chanzo kinachoanzia mezani kwako mwenyewe, usitegemee wengine waandike vyao.