Kupima sukari kwenye mkono au kiganja: lini matokeo ni ya kuaminika, na lini urudi kwenye kidole

Makala hii ni kwa ajili yako ikiwa unaishi na kisukari, au unamtunza mtu mwenye kisukari, na mna mashine ya kupimia nyumbani. Inahusu swali ambalo wagonjwa wengi huuliza: je, ninaweza kupumzisha vidole na kutoboa sehemu nyingine ya mkono?

Kwa ufupi

- Ndiyo, unaweza, ikiwa mashine yako inaruhusu na sukari yako imetulia.
- Sukari inapopanda au kushuka haraka, damu ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, huonyesha hali iliyokwisha kupita.
- Ukihisi dalili za sukari kushuka, pima kwenye kidole tu.

Kwa nini watu huacha kidole

Ncha ya kidole ina neva nyingi za hisia, ndiyo maana inauma. Anayechoma insulini anaweza kuhitaji kupima mara kadhaa kwa siku. Ikiwa mtu huyo pia analima, anafua au anashona, vidole huwa na sugu na vidonda, na kila tone la damu hupatikana kwa shida. Kwenye kigasha neva ni chache, na wengi husema hawasikii karibu chochote. Hiyo ni sababu nzuri ya kubadilisha mahali. Tatizo si maumivu bali muda.

Damu ya kigasha huchelewa kwa sababu gani

Sukari uliyokula huingia kwenye damu kupitia utumbo, kisha damu huisambaza mwilini. Damu haifiki kila sehemu ya ngozi kwa kasi ileile. Ncha za vidole na viganja vina mishipa midogo mingi sana, na ndani yake kuna njia za mkato zinazounganisha moja kwa moja mishipa inayoleta damu na ile inayoirudisha. Kwa hiyo damu hubadilika hapo kila mara. Ngozi ya kigasha haina njia hizo kwa wingi. Damu yake hupita polepole, na sukari iliyomo huchukua muda kulingana na ile ya mwili mzima.

Fikiria mto na kidimbwi kilicho kando yake. Mvua ikinyesha mlimani, maji ya mto hubadilika rangi mapema. Kidimbwi kitabadilika pia, lakini baadaye. Siku ambayo hakuna mvua, maji ya pande zote mbili yanafanana.

Ndivyo ilivyo kwa sukari. Asubuhi kabla ya kula, kidole na kigasha hutoa namba zinazokaribiana. Lakini baada ya chakula, baada ya insulini ya kazi ya haraka au baada ya kazi nzito, kigasha hubaki nyuma, na kuchelewa huko kunaweza kufika nusu saa hivi. Sukari ikipanda, kigasha husoma chini kuliko ukweli. Ikishuka, husoma juu kuliko ukweli. Hali hii ya pili ndiyo ya hatari, kwa sababu inakuambia uko salama wakati hauko salama.

Mfano wa asubuhi moja

Chukua mfano wa mama anayechoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Namba zilizo hapa ni za kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Zako zitakuwa tofauti.

Saa 12:30 asubuhi, kabla ya kula, kidole kinasoma 7.8 mmol/L na kigasha 7.6. Tofauti hiyo haina maana yoyote. Anachoma insulini, anakunywa kikombe cha uji mwepesi, kisha anakwenda kupalilia maharage. Uji ni mdogo na kazi ni kubwa, kwa hiyo sukari inaanza kushuka.

- Saa 4:30: anatoka jasho la baridi na mikono inatetemeka. Kigasha kinasoma 5.9. Kidole, dakika ileile, kinasoma 3.3. Kiwango cha chini ya 3.9 ni sukari ya chini inayohitaji kutibiwa papo hapo. Kama angeamini kigasha, angesema ni jua tu na kuendelea kulima.
- Saa 4:45: amekwisha kunywa maji yenye sukari. Kidole kimepanda hadi 5.1. Kigasha, ambacho sasa ndicho kinaonyesha mshuko wa mwanzo, kinasoma 4.4.
- Saa 5:00: kidole ni 5.8. Kigasha ni 3.4.

Angalia saa 5:00 vizuri. Mama amepona, lakini kigasha kinasema sasa ndiyo hatari imeanza. Akikifuata atakunywa sukari tena, pengine mara mbili, na mchana atakuta namba iko juu mno. Kisha atashawishika kuongeza insulini ili kuishusha. Kosa moja la mahali pa kutoboa limezaa makosa mawili ya matibabu.

Ukigundua kwamba namba ya kigasha haiendani na unavyojisikia, usibishane na mwili wako. Nawa mikono na upime kidole. Ukiwa na dalili na huwezi kupima, jitibu kama mwenye sukari ya chini.

Na kiganja je?

Kiganja ni tofauti na kigasha. Ile nyama nene chini ya kidole gumba, na ile ya upande wa kidole kidogo, ina mishipa inayofanana na ya kidole. Matokeo yake huwa karibu na ya kidole hata sukari inapobadilika. Kwa hiyo, ikiwa vidole vimechoka, kiganja ni chaguo bora kuliko kigasha.

Hata hivyo kuna mipaka miwili. Kwanza, ngozi ya kiganja ni nene, hasa kwa anayeshika jembe, na tone linaweza kuwa dogo mno kwa mashine kusoma. Pili, si kila mashine imethibitishwa kwa kiganja. Maelezo ya baadhi ya mashine huweka kiganja na kigasha katika kundi moja na kuruhusu vyote viwili wakati wa utulivu tu. Fuata maelezo ya mashine yako. Kama huna karatasi hiyo, muulize mhudumu wa kisukari katika kituo chako cha afya, na hadi ujibiwe tumia kidole.

Wakati ambao lazima utumie kidole

- Ndani ya saa 2 baada ya kula.
- Ndani ya saa 2 baada ya kuchoma insulini ya kazi ya haraka, au ya mchanganyiko yenye sehemu ya kazi ya haraka.
- Wakati wa kazi nzito au mwendo mrefu, na baada yake.
- Ukiwa na homa, unatapika au unaharisha.
- Ukihisi jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa.
- Kabla ya kuendesha pikipiki au gari.
- Ikiwa sukari yako huwa inashuka bila wewe kuhisi dalili.

Wanaochoma insulini na wanaotumia vidonge vya glibenklamidi wako katika hatari zaidi ya sukari kushuka. Anayetumia metformini peke yake hupata hali hiyo mara chache, kwa hiyo kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kufanyika kwenye kigasha bila wasiwasi mkubwa.

Mgonjwa aliyeishiwa maji sana mwilini, au ambaye mikono yake ni ya baridi na amelegea, apelekwe kituo cha afya mara moja. Katika hali hiyo hata kidole kinaweza kudanganya.

Jinsi ya kupima kwenye kigasha

1. Nawa mikono na kigasha kwa maji na sabuni, kisha kausha. Mabaki ya embe au muwa kwenye ngozi hupandisha namba.
2. Chagua sehemu yenye nyama, mbali na mfupa, mshipa unaoonekana, alama nyeusi na nywele nyingi.
3. Sugua sehemu hiyo kwa sekunde chache hadi ipate joto. Kusugua kunapunguza kuchelewa, lakini hakukuondoi kabisa.
4. Weka sindano mpya kwenye kalamu ya kutobolea. Kalamu nyingi zina kifuniko maalumu cha kuona ndani kwa ajili ya mkono, kitumie.
5. Bonyeza kalamu kwenye ngozi, toboa, na uendelee kushikilia hadi tone lionekane.
6. Gusisha tone kwenye stripu. Ikiwa damu haikutosha, chukua stripu nyingine.
7. Andika namba, saa, na mahali ulipotoboa. Mhudumu akiona daftari lisilotaja mahali, hawezi kujua kwa nini namba zinapishana.

Usiazimishe kalamu wala sindano, hata kwa ndugu wa nyumba moja. Damu iliyobaki inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI.

Namba zikionekana kubwa mno

Kama mashine yako ulikuja nayo kutoka Kongo au Burundi, huenda inasoma kwa mg/dL, wakati kituo cha afya hapa Uganda kinatumia mmol/L. Gawanya namba ya mg/dL kwa 18 upate mmol/L. Kwa mfano, 70 mg/dL ni sawa na 3.9 mmol/L. Angalia kipimo kwenye kioo kabla ya kuogopa au kutulia.

Sukari ikiwa chini ya 3.9

Kunywa vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyoyeyushwa kwenye maji, kisha subiri dakika 15 na upime tena kwenye kidole. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, kula chakula kama mlo wako ujao uko mbali. Mtu aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa.

Kupunguza maumivu bila kuacha kidole

Toboa pembeni mwa ncha, si katikati, na badilisha vidole kwa zamu. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, ning'iniza mkono chini kwa muda mfupi, kisha toboa. Usikamue kidole kwa nguvu, kwa sababu majimaji ya ngozi huchanganyika na damu na namba huharibika. Punguza kina cha kalamu hatua moja moja hadi upate kile kidogo kinachotoa tone la kutosha.