Ritifaa ya ng'onda

Mchuuzi wa Malindi anayeuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, huandika kwenye simu ya vibonye: "bei ngonda malindi". Ritifaa haitafuti; imefichika kwenye kibonye cha 1. Huduma ya kutafuta kwa SMS sharti iiondoe alama hiyo katika swali na katika orodha yake, ndipo ngonda na ng'onda zikutane. Kwenye jibu irudishwe, maana ng'oa si ngoa.

Lakini irudi ikiwa imenyooka ('). Hiyo imo katika herufi za GSM, na ujumbe hubeba herufi 160. Kompyuta ikiipinda (’), ujumbe mzima huhamia mfumo wa herufi 70. Jibu la herufi 120 hapo hugawanyika vipande viwili, na mtumaji hulipia SMS mbili.