Langoni mwa Kanisa la Garissa

Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, polisi wawili walikuwa wakilinda lango la kanisa la AIC mjini Garissa, ndani waumini wakiendelea na ibada. Watu waliofunika nyuso waliwapiga risasi polisi hao, wakachukua bunduki zao, kisha wakarusha maguruneti kanisani na kuwamiminia risasi waliokuwa wakikimbia. Waliouawa walifikia 17. Asubuhi hiyohiyo kanisa kuu la Katoliki, katika mji huohuo, nalo lilirushiwa maguruneti, lakini huko watu walijeruhiwa tu.

Wakati huo majeshi ya Kenya yalikuwa yameingia Somalia tangu Oktoba 2011 kupigana na al-Shabaab, na Garissa ni mji wa Waislamu, wengi wao Wasomali. Wakristo wa pale ni hasa walimu, askari, watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka sehemu nyingine za nchi. Ilikuwa rahisi mno kwa habari ya kanisa moja kugeuka kuwa habari ya dini mbili.

Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM, lililaani mauaji hayo bila kukawia. Hilo halikumshangaza mtu. Kulaani kulishakuwa desturi, na msomaji wa magazeti aliweza kuyataja maneno ya tamko kabla hajafungua ukurasa: dini yetu ni ya amani, waliofanya hivi si wenzetu, serikali iwasake. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamgharimu chochote anayeyasema.

Lililokuja siku chache baadaye lilikuwa la aina nyingine. Viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo walikutana katika Baraza la Dini Mbalimbali la Kenya, ambalo mwenyekiti wake, Adan Wachu, ndiye pia aliyekuwa katibu mkuu wa SUPKEM. Wachu alitangaza kwamba wapo watu wanaotaka kuifanya Kenya kuwa Nigeria ya pili, na kwamba hawataruhusiwa. Kila msikilizaji alielewa, maana Boko Haram walikuwa wamelipua kanisa la Madalla, karibu na Abuja, siku ya Krismasi ya 2011. Kisha ikaja ahadi yenyewe: vijana wa Kiislamu wangelinda makanisa ya Garissa, na kwingine kokote ambako Wakristo wangehitaji ulinzi huo.

Mwenye kushuku angeuliza swali la haki kabisa. Ikiwa polisi wenye bunduki waliuawa langoni, kijana asiye na silaha atafanya nini? Kwa hesabu ya risasi, hakuna. Hesabu ya ahadi ile ilikuwa nyingine. Aliyekuja kuua kwa jina la Uislamu angelazimika kwanza kumuua Mwislamu aliyesimama mbele ya kanisa, na hapo kisingizio chake kingemponyoka mkononi. Anayesema vita hii ni ya Waislamu dhidi ya Wakristo hana la kumjibu mlinzi huyo.

Tamko halikuwa dawa ya kila kitu. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, guruneti lilirushwa kwenye shule ya Jumapili ya kanisa la Mtakatifu Polycarp jijini Nairobi na kumuua mtoto. Umati wenye hasira ukawageukia Wasomali wa Eastleigh, watu ambao hawakuwa na hatia yoyote. Makubaliano ya mezani yalikuwa bado hayajafika mtaani.

Mabaya zaidi yalikuja baadaye. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 wa basi walitengwa na wenzao kwa sababu hawakuwa Waislamu, wakauawa. Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na huko nako wauaji walikuwa wakiwachambua wanafunzi kwa dini zao. Kila mara matamko yalitolewa tena, na ni vigumu kudai kwamba yaliwazuia wauaji wenyewe, kwa kuwa hawakuwa wakiwasikiliza masheikh walioyatoa hata kidogo.

Lakini Desemba 2015 basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Abiria wa Kiislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Baadhi ya wanawake walikuwa wamewapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike wasitambulike, na abiria wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi katika kisa hicho, akafariki hospitalini Januari 2016.

Hakuna aliyewasomea abiria hao tamko lolote, na wala haijulikani kama kuna aliyekumbuka mkutano wa Julai 2012. Pale barabarani walifanya jambo lilelile ambalo viongozi walikuwa wameahidi kulifanya langoni.