Kontakta iliyoungua

Kontakta ni swichi ya sumaku iliyomo katika kitengo cha nje cha kiyoyozi, ambayo koili yake ikipata umeme huvuta pointi, yaani vipande vya aloi ya fedha vinavyogusana, na kupeleka umeme kwenye kompresa na feni. Kila pointi zinapoachana hutoa cheche, na cheche hizo huchimba vishimo vyeusi hadi mguso unakuwa hafifu na kompresa inashindwa kuwaka.

Mlio wa kontakta peke yake haumtoshi fundi kujua chanzo cha hitilafu, kwa kuwa kontakta inayogongagonga mara nyingi ina koili yenye volti pungufu au sumaku iliyoingiwa na vumbi na sisimizi, na kugonga huko ndiko kunakounguza pointi. Kwa hiyo volti za koili hupimwa kwanza, kisha, mashine ikiwa inafanya kazi, hupimwa volti kati ya kuingilia na kutokea kwa pointi ileile. Pointi nzima huonyesha karibu sifuri. Ikionyesha volti 16 huku kompresa ikivuta ampea 10, wati 160 zinageuka joto hapo hapo, na plastiki huanza kuwa kahawia.

Kupiga msasa hakufai, maana huondoa aloi yenyewe. Umeme ukishakatwa na kapasita kutolewa chaji, hufungwa kontakta mpya yenye volti zilezile za koili na ampea zisizopungua za awali.