Lishe ya Mshipani: Kabla ya Kuongeza Insulini

Kutokula hakutoshi kuwa sababu ya kumlisha mgonjwa kwa mshipa. Swali la kwanza ni kama utumbo wake unafanya kazi na mrija unaweza kuufikia. Ukifanya kazi, hata kwa kiasi, utumike. Utafiti wa EPaNIC, uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Ubelgiji, uliwahusisha wagonjwa mahututi 4,640. Wale ambao lishe ya mshipani iliahirishwa hadi siku ya 8 walipata maambukizi machache kuliko walioanzishiwa mapema. Lakini waliokonda mno hawakuingizwa katika utafiti huo, kwa hiyo matokeo yake hayampi daktari kibali cha kumwacha kila mtu asubiri.

Tuseme mama wa kilo 50, aliyekuwa na kilo 60 miezi mitatu iliyopita, amefanyiwa upasuaji na sasa ana fistula ya juu ya utumbo mwembamba inayotoa lita moja na nusu kwa siku. Chochote anachomeza kinatokea tumboni. Huyu anastahili lishe ya mshipani. Aanze na nusu ya kiasi, apewe thiamini kabla ya glukosi, na fosfati, potasiamu na magnesiamu zipimwe kila siku, maana mwili uliokonda huzivuta kwa kasi ndani ya seli mara chakula kinaporudi.

Siku ya nne amefikia gramu 250 za glukosi, lakini sukari ya damu inasoma 14. Wengi hapo huandika insulini. Mimi husema tazama kwanza saa ya dripu. Kwa saa 24, gramu hizo ni kama miligramu 3.5 kwa kilo kwa dakika, kiwango ambacho mwili unakimudu. Mfuko ukiisha kwa saa 12, kiwango kinakuwa 7, nacho kinapita kikomo cha 4 hadi 5. Basi kasi irekebishwe, homa na maambukizi ya mrija wa mshipa yatafutwe, ndipo insulini ifuate ili sukari ishuke chini ya 10. Kuishusha hadi kiwango cha mtu mzima wa afya si salama: utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009 ulikuta vifo zaidi kwa waliobanwa hivyo.

Glukosi inayozidi haiishii kwenye damu. Ini huigeuza mafuta. Vimeng'enya vya ini vikipanda kidogo wiki ya pili, lishe ipunguzwe, isikatwe. Bilirubini ikipanda, jambo ni zito zaidi: tafuta maambukizi, dawa, na mawe ya nyongo kwa altrasaundi, na mafuta ya soya yasizidi gramu moja kwa kilo kwa siku. Kifuko cha nyongo hujikaza chakula kinapogusa utumbo. Kisipoguswa, nyongo hutuama na kuganda. Ndiyo maana, picha ikishaonyesha kwamba utumbo ulio chini ya fistula haujaziba, ningepitisha mrija mwembamba humo na kuanza na mililita 10 za maziwa ya lishe kwa saa, mfuko wa mshipani ukiwa bado unaning'inia.