Rudufu

Mwalimu akirudufu mtihani, nakala hufanana herufi kwa herufi. Kwenye data za visima zilizokusanywa uwandani, rudufu hujificha: GPS ya simu hukosea mita 5 hivi, kwa hiyo kisima kimoja kilichopimwa mara mbili huonekana kama visima viwili.

Dawa yake ni umbali wa kuvumilia, tuseme mita 10. Nukta zilizokaribiana kuliko hapo huunganishwa kuwa moja, katikati yao.

Tatizo ni mnyororo. A na B zikiachana mita 8, na B na C vilevile, A hubebwa pamoja na C inayoweza kuwa hadi mita 16 mbele. Ndiyo maana jina na kina cha kisima hulinganishwa kwanza.