Verlet, mbinu ya

*nomino [i-/zi-]*. Kanuni ya kukokotoa mwendo ambayo huhifadhi mahali pa nukta pa sasa na pa awali, bila kuhifadhi kasi yake. Imepewa jina la mwanafizikia Mfaransa Loup Verlet, aliyeitumia mwaka 1967 kukokotoa mwendo wa molekuli. Mwaka 2001 Thomas Jakobsen alieleza jinsi ilivyotumika katika mchezo wa kompyuta wa Hitman: Codename 47.

Maelezo. Katika mchezo wa vipimo viwili, kamba huwa ni safu ya nukta zilizoshikanishwa kwa viungo vya urefu maalumu. Kila hatua, nukta husogezwa hivi:

```
mpya = sasa + (sasa - awali) + a*dt*dt
```

Tofauti ya `sasa` na `awali` ndiyo inayoshika nafasi ya kasi; `a` ni mchapuko na `dt` ni muda wa hatua moja.

Mfano. Msumari uko kwenye y = 90, na y huongezeka kuelekea chini. Nukta inayoning'inia kwa kiungo cha pikseli 10 iko kwenye 100. Awali ilikuwa 98. Mchapuko ukiwa 900 na hatua 1/60 ya sekunde, `a*dt*dt` ni 0.25, hivyo nukta hufika 102.25. Kiungo sasa kimezidi kwa 2.25. Kwa kuwa msumari hausogei, nukta hurudishwa kiasi hicho chote, hadi 100. Mahali pake pa awali sasa ni 100 pia. Kwa hiyo kasi imekwisha yenyewe, bila amri ya kuisimamisha. Nukta zote mbili zingekuwa huru, kila moja ingebeba nusu ya marekebisho.

Kurekebisha kiungo kimoja huvuruga jirani yake, kwa hiyo viungo vyote hupitiwa mara kadhaa katika kila hatua. Mizunguko ikiwa michache, mnyororo huvutika kama mpira, hasa karibu na msumari, ambako kiungo hubeba uzito wa vyote vilivyo chini. Dawa ni kuongeza mizunguko au kupunguza nukta. Kitambaa hufuata kanuni iyo hiyo, ila nukta zake huunganishwa kwa wima na kwa mlalo.

Tahadhari. Kanuni hii huchukulia kwamba hatua zote zina muda sawa. `dt` ikibadilika kila fremu, umbali uleule uliopitwa hufasiriwa kuwa kasi tofauti, na kamba hushtuka-shtuka hata isipoguswa. Hivyo hatua huwekwa muda usiobadilika.

Matumizi. *Kiungo* kisichanganywe na *springi*. Springi huzalisha nguvu, nayo nguvu hubadilisha kasi. Kiungo hurekebisha mahali moja kwa moja. Mfasiri akiandika "springi" mahali pa "kiungo", msomaji atatafuta kipimo cha ugumu ambacho hakimo katika kanuni.